GB 5 ndani ya siku mbili na nusu: kisa cha bando la Mwalimu

Mwenye simu ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili tarehe 9, saa mbili usiku, aliunga bando la GB 5 la siku saba. Jumatano tarehe 12, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, bando lilikuwa limeisha, na dakika tatu baadaye salio lake la kupigia nalo likasoma sifuri. Alipofika kwangu alikuwa ameshaandika malalamiko ya kupeleka kwa kampuni ya simu.

“Fundi, hawa wameniibia. Mimi video naangalia kidogo tu asubuhi na jioni. Na usiku nalala!”

Neno lake la mwisho ndilo lililonifanya nianzie usiku.

Nimekiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kina karibu kila kitu kinachowachanganya watu wanaposoma historia ya matumizi. Zipo hesabu tatu zilizofanywa na mashine tatu tofauti, kila moja na saa yake na kipimo chake, na ukizisoma juujuu zinagombana. Zaidi ya siku ya kuanza hesabu, hatukubadilisha chochote kwenye simu mpaka zote tatu zilipokubaliana, nami humshauri kila mtu afanye hivyo. Ukizima hiki na kufuta kile kabla ya kusoma, unapoteza ushahidi wenyewe.

Historia ya kampuni ya simu

Kampuni nyingi humwezesha mteja kuona matumizi yake ndani ya apu yao au kwa kuomba taarifa. Salio peke yake halisaidii, maana linakwambia umebakiwa na nini bila kukwambia kimekwenda wapi. Tulichohitaji ni orodha ya mistari: tarehe, saa, aina ya huduma na kiasi. Tulipoijumlisha kwa vipande vya siku ilitoka hivi, tangu bando lilipounganishwa:

Jumapili usiku MB 310. Jumatatu, kati ya saa nane usiku na alfajiri, MB 1,480, na mchana wake MB 620. Jumanne usiku tena MB 1,150, mchana MB 890. Jumatano kabla ya saa kumi na mbili na dakika arobaini, MB 550. Jumla MB 5,000 kamili.

Usiku wa siku mbili tu ulikuwa umekula MB 2,630, zaidi ya nusu ya bando. Mwalimu alipoona hivyo alizidi kuamini kwamba ameibiwa, na si ajabu. Lakini tazama mistari yenyewe ilivyokaa:

```
10  02:57  DATA  500.00 MB
10  03:54  DATA  500.00 MB
10  04:49  DATA  480.00 MB
11  02:58  DATA  500.00 MB
11  03:55  DATA  500.00 MB
11  04:55  DATA  150.00 MB
```

Kwanza saa. Skrini inahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 02:57 ni saa nane na dakika hamsini na saba usiku, wala si saa mbili. Ni jambo dogo, ila nimeshamwona mtu akibisha kwamba saa mbili usiku alikuwa kwenye daladala na simu mfukoni, kumbe mstari unaozungumziwa ni wa saa sita baadaye.

Pili, saa hiyo ni ya nini? Simu ikiwa kwenye intaneti muda mrefu, mtambo wa kampuni hausubiri uzime data ndipo uandike. Hukata muunganisho mmoja katika vipande, na hufunga kipande kikifika kiasi fulani au muda fulani. Kwa Mwalimu ilionekana wazi kwamba kipande kinafungwa kikifika MB 500 au kikitimiza saa moja, kipi kitangulie. Namba inayojirudia kikamilifu namna hiyo, 500.00 mara nne, ni alama ya kipande kilichojaa. Saa iliyoandikwa ni ya kufungwa. Basi mstari wa 02:57 una matumizi ya karibu saa nzima iliyotangulia, na chanzo chake kinaanzia saa nane kamili au karibu nayo.

Tatu, mstari wa 04:49 wa Jumatatu haukufika MB 500 wala saa moja, na umefungwa hivyohivyo. Maana yake kitu kilikatika. Nikamuuliza kama simu ilizimika alfajiri ya Jumatatu.

“Ndiyo, niliikuta imezima. Chaji iliisha, nikachelewa hata kengele.”

Mchezo wa kila usiku unaoanza saa nane, unaoendelea kwa kasi ileile hadi kitu kiukate, kisha usiku unaofuata ukaendelea na kumaliza mapema zaidi, hauna sura ya mtu. Mtu anayetumia simu huacha mistari isiyolingana: MB 12, kisha kimya, kisha MB 70. Hapa palikuwa na kazi iliyopangwa. Hata kasi yake inasema kitu. MB 500 kwa dakika hamsini na saba ni wastani wa megabiti 1.2 kwa sekunde, mwendo wa kobe kwa simu inayopakua, lakini wa kawaida kabisa kwa simu inayopakia faili mahali ambapo mawimbi si mazuri. Watu husahau kwamba bando hukatwa pande zote mbili: unachopokea na unachotuma.

Hesabu ya simu yenyewe, na mtego wa tarehe

Historia ya kampuni haisemi ni apu gani. Hiyo kazi ni ya simu. Ya Mwalimu ni ya Android, kwa hiyo tukaingia kwenye `Settings`, `Network & internet`, kisha `App data usage`. Kwenye simu nyingine majina ya menyu hutofautiana kidogo, lakini ukiandika “data usage” kwenye kisanduku cha kutafutia cha mipangilio utapafikia.

Jambo la kwanza lililoonekana lilikuwa namba isiyohusiana na kitu, kwa sababu Android huhesabu kwa mzunguko wa mwezi, na wa simu hii ulianza tarehe 1. Bando lilianza tarehe 9. Kulinganisha hesabu ya tangu tarehe 1 na bando la tangu tarehe 9 ni kosa linaloongoza, nalo huzalisha malalamiko mengi yasiyo na miguu. Dawa yake ni kwenda `Data warning & limit`, kisha `Mobile data usage cycle`, na kuweka siku ya kuanza iwe 9. Simu ina kumbukumbu ya siku zilizopita, kwa hiyo inajumlisha upya papo hapo bila kusubiri mwezi ujao.

Mzunguko huo huanza usiku wa manane wa tarehe uliyochagua, si saa ile uliyounga bando. Mwalimu alikuwa hana data tangu Jumamosi hadi Jumapili saa mbili usiku, hivyo tarehe 9 nzima ilikuwa tupu kabla ya bando na vipindi viwili vikalingana. Kama ungekuwa na bando jingine asubuhi ya siku hiyo, itabidi ulitoe kwenye hesabu. Na kwa simu ya laini mbili, hakikisha unasoma laini yenye bando, maana kila laini ina ukurasa wake.

Wenye iPhone wana mtego wa namna nyingine. Pale chini ya `Cellular`, au `Mobile Data` kwenye baadhi ya simu, hesabu ya `Current Period` haijifuti yenyewe mwezi ukiisha. Inaendelea kujumlisha tangu mara ya mwisho ulipobonyeza `Reset Statistics`, na tarehe hiyo imeandikwa chini kabisa ya ukurasa. Kwa wengi ni miaka iliyopita. Haiwezi kurudi nyuma kuhesabu wiki moja, kwa hiyo ibonyeze siku unapounga bando.

Sasa simu ya Mwalimu ikaonyesha jumla tangu tarehe 9: GB 4.61.

“Umeona? Mimi nimetumia nne na pointi sita, wao wamekata tano!” Akataka kuongeza mstari huo kwenye barua.

Nikamwomba tutazame kwanza meseji ya kuthibitisha bando. Iliandika MB 5000. Hapo ndipo pengo linapoanza kuyeyuka. Kuna GB inayohesabiwa kwa elfu: GB 1 ni MB 1,000, na kila MB ni baiti milioni moja. Na kuna ile inayohesabiwa kwa 1,024 kila hatua. Kampuni iliyoandika 5000 inatumia elfu. Ingekuwa inatumia 1,024, meseji ingesoma 5120. Ukurasa wa matumizi wa Android, kwa upande wake, hugawa kwa 1,024. GB moja ya simu ni baiti 1,073,741,824, yaani karibu asilimia 7 zaidi ya GB ya kampuni. Zidisha 4.61 kwa 1.0737 na utapata 4.95. Namba mbili zilizokuwa zinapishana kwa karibu MB 400 sasa zinapishana kwa MB 50 hivi.

Tuwe waadilifu, kuna na MB 38 zilizotumika baada ya bando kuisha, nitazifikia baadaye, ambazo simu imezihesabu ndani ya jumla yake. Basi kampuni ilirekodi 5,038 na simu 4,950. Tofauti ni MB 88, chini kidogo ya asilimia 2. Hiyo haipotei, na siyo wizi. Mtambo wa kampuni hupima data inapopita kwenye lango lao la intaneti, kabla haijarushwa kwenye mawimbi. Kipande kikipotea hewani kabla ya kukufikia, lango lilishakihesabu lakini simu haikukiona. Kikitumwa tena, lango linaweza kukihesabu mara ya pili. Panapokuwa na mawimbi dhaifu tofauti huongezeka. Halafu kampuni nyingine hukuza kila kipande hadi kizio kamili kinachofuata, na ukiwa na mamia ya vipande vidogo, punje hizo hujumlishika.

Mimi binafsi tofauti ya asilimia mbili tatu siishughulikii. Ikifika kumi, baada ya kulinganisha kipindi, laini na kipimo, naanza kumsikiliza mlalamikaji kwa sikio jingine.

Nani alikuwa macho saa nane usiku

Orodha ya apu, kwa kipimo cha simu, iliongozwa na WhatsApp yenye MB 2,870. Apu ya video fupi ilikuwa na 940, duka la apu 410, kivinjari 190, na vilivyobaki kwa pamoja 310.

Mwalimu alicheka. Kwake WhatsApp ni maandishi na picha chache za kikundi cha walimu. Lakini ukigusa jina la apu, Android inaigawa namba hiyo mara mbili: `Foreground`, yaani ulipokuwa umeifungua mbele ya macho, na `Background`, ilipokuwa inafanya kazi chinichini. Kati ya zile 2,870, chinichini ilikuwa 2,650. Mgao huu ndio ninaoutazama kabla ya kitu kingine chochote. Apu yenye namba kubwa mbele ni tabia yako. Ikiwa kubwa chinichini, ni mpangilio.

WhatsApp ina daftari lake pia: `Settings`, `Storage and data`, `Network usage`. Linagawanya kwa simu za sauti, picha na video, meseji, status na hifadhi ya Google Drive, na kila mstari una mshale wa kilichotumwa na wa kilichopokewa. Tahadhari moja: daftari hili linachanganya waifai na data ya laini, na linahesabu tangu apu ilipowekwa au ilipofutwa hesabu. Halilingani na bando lako moja kwa moja. Lakini kwa swali letu lilitosha. Mstari wa Google Drive, upande wa kutuma, ulisoma GB 2.4.

Ukiigeuza kuwa kipimo cha kampuni, ni kama MB 2,577. Ule usiku wa siku mbili ulikuwa MB 2,630. Zinakaa.

Ilivyotokea ni hivi. Jumamosi Mwalimu alipata simu mpya. Mazungumzo yake yote ya miaka alihamishiwa moja kwa moja kutoka simu kuukuu kwenda mpya, kwa kupiga picha ile alama ya mraba, na akafunguliwa akaunti mpya ya Google kwa kuwa ya zamani nywila yake ilishasahaulika. WhatsApp ikauliza kama atunze nakala ya mazungumzo kila siku, na kama itumie waifai peke yake au data ya laini pia. Nyumbani hana waifai. Akakubali zote.

WhatsApp kwenye Android hutengeneza nakala hiyo saa nane usiku. Kwa kawaida nakala za kila siku huwa ndogo, maana kinachopakiwa ni kilichoongezeka tu. Lakini akaunti mpya haikuwa na kitu cha kuongezea. Ilibidi kupanda kila kitu: kila video ya harusi, kila sauti, kila picha iliyowahi kutumwa kwenye vikundi. Usiku wa kwanza simu ilizima chaji njiani. Usiku wa pili ikaendelea pale ilipoishia na kumaliza. Apu ilifanya walichokubaliana.

Simu inapobadilishwa, hili ndilo ninalolitazama kwanza siku hizi. Bando la wiki ya kwanza ya simu mpya halipimi matumizi yako. Kila kitu kinajipanga upya: nakala, picha, apu zinazotaka kusasishwa. Zile MB 410 za duka la apu nazo zilikuwa za alfajiri ya Jumatano, apu zikijisasisha kwa sababu kwenye mipangilio ya Play Store, `Network preferences`, `Auto-update apps`, palichaguliwa `Over any network`.

Dakika tatu zilizomaliza salio la kupigia

Saa kumi na mbili na dakika arobaini Jumatano bando liliisha. Mwalimu alikuwa anatazama video fupi akisubiri maji yachemke. Meseji ya “bando lako limekwisha” iliingia juu ya skrini, akaifuta kwa kidole kama tunavyofuta zote.

Video haikukatika, na hapo ndipo watu wanaponaswa. Mara nyingi mtambo wa malipo hauikatizi simu bando linapoisha. Unatafuta mfuko unaofuata, na kama hakuna bando jingine, mfuko unaofuata ni salio la kupigia, kwa bei ya nje ya bando ambayo kwa kila MB huwa juu sana kuliko ya ndani ya bando. Historia ilikuwa na mistari ya data yenye jumla ya MB 38 iliyokatwa kutoka salio kuu kati ya 06:40 na 06:43.

Je, dakika tatu zinaweza kumaliza MB 38? Video yenye ubora wa kawaida wa simu hutembea kwa takriban megabiti 2 kwa sekunde. Biti nane ni baiti moja, kwa hiyo ni robo MB kila sekunde, MB 15 kwa dakika, MB 900 kwa saa. Dakika tatu ni MB 45. Namba inaingia bila kulazimishwa. Na apu za video fupi zina tabia ya kuvuta video inayofuata kabla hujaifikia, ili isikwame ukitelezesha, kwa hiyo unalipia hata usizozitazama.

Kampuni nyingi zina njia ya kuzuia data isile salio la kupigia, kwenye apu yao au kwa kuwaomba huduma kwa wateja. Tukaiwasha hapohapo kabla hajaongeza vocha. Simu nayo ina kufuli lake: `Set data limit`, pale kwenye `Data warning & limit`, hukata data ya laini ikifika kiasi ulichoweka. Kumbuka tu kwamba inahesabu kwa kipimo cha simu, tangu siku ya mzunguko, kwa hiyo ihamishe siku hiyo kila unapounga bando. Kwa bando la MB 5,000 za elfu, weka 4.5, si 5. Ukiweka 5 halitafunga kamwe kabla bando halijaisha.

Meseji kwa wazazi

Hili halikuwa kwenye barua, tulilikuta tukipekua. Jumatatu kulikuwa na mistari 42 ya meseji kwa dakika chache, na kila mstari umekatwa meseji tatu. Mwalimu hupeleka taarifa kwa wazazi 42 kwa meseji ya kawaida, kwani si wote wenye intaneti. Bando lake la meseji 100 lilikuwa limekufa katikati ya kazi na zilizobaki 26 zikatoka kwenye salio.

Taarifa yenyewe ilikuwa na herufi 158. Meseji moja hubeba herufi 160, kwa hiyo ilipaswa kuwa moja. Lakini mwishoni aliweka kiuso cha tabasamu. Alfabeti ya msingi ya meseji haina viuso hivyo, na kikiingia kimoja tu, meseji nzima inaandikwa kwa mfumo mwingine ambao hubeba herufi 70. Ikizidi hapo inagawanywa vipande vya 67. Herufi 158 zinahitaji vipande vitatu. Mara 42, ni 126.

Na hata bila kiuso unaweza kunaswa. Ile alama ya juu kwenye ng'ombe au ng'ambo ikiwa imenyooka, imo kwenye alfabeti ya msingi. Ikiwa imepinda kama kibodi nyingine zinavyopenda kuipamba, haimo, na matokeo ni yaleyale. Apu nyingi za meseji huonyesha kihesabio pembeni unapoandika, na kikiruka ghafla kutoka herufi nyingi zilizobaki hadi chache, rudi nyuma uone ulichoingiza. Kwenye Google Messages kuna mpangilio wa `Use simple characters` unaogeuza herufi za mapambo kuwa za kawaida, ingawa kiuso hauwezi kukigeuza.

Kama kweli ungekuwa wizi

Mwalimu aliniuliza, kwa haki kabisa, angejuaje kama wanamkata bure. Nilimwambia hivi: zima data ya laini usiku, angalia salio la bando, subiri robo saa na uangalie tena. Ucheleweshaji huo una sababu, kwani mtambo hutenga kiasi fulani kwa ajili ya simu yako mapema na hurekebisha hesabu kipande kinapofungwa, kwa hiyo salio la dakika ileile huweza kupanda au kushuka kidogo. Namba ikitulia, iandike pamoja na saa, na uilinganishe asubuhi kabla ya kuwasha data. Ikiwa imeshuka ilhali data ilizimwa usiku kucha, una hoja. Una hoja pia ukikuta mistari ya data kwenye saa ambazo simu ilikuwa imezimwa, au apu zote za simu zikijumlishwa zinakosa sehemu kubwa ya kilichokatwa, kipimo kikiwa kimeshasawazishwa. Lete vitu hivyo vitatu na picha za skrini, na anayekuhudumia atalazimika kufungua rekodi. Barua inayosema “bando linaisha haraka” humalizwa kwa jibu la kunakili.

Ya kwake hakuipeleka. Badala yake aliuliza swali zuri zaidi: je, GB 5 zinamtosha au hazimtoshi? Tukaondoa usiku wa nakala na sasisho za apu, tukabaki na matumizi yake mwenyewe. Jumapili jioni 310, Jumatatu mchana 620, Jumanne mchana 890. Siku kamili mbili zinatoa wastani wa MB 755, mara saba ni 5,285. Zinapelea kidogo. Akaishusha apu ya video fupi hadi ubora wa kuokoa data, tukazima `Back up using cellular` kwenye `Chat backup` na kuiacha nakala ijifanye kwa waifai ya shuleni, na Play Store ikawekwa `Over Wi-Fi only`.

Bando lililofuata aliliunga Jumatano hiyohiyo jioni. Jumatano ya pili alinitumia picha ya skrini saa moja kabla ya muda wake kuisha: zimebaki MB 380. Chini yake aliuliza kama hizo 380 zinaweza kuhamia bando jipya. Kwa kampuni yake zinahamia, mradi aunge jipya kabla la zamani halijafika mwisho wa muda, na saa hiyo ya mwisho imeandikwa kwenye meseji ileile ya MB 5000.